Rangi Zinazozima Jioni: Kofia, Begi na Koti la Mwendeshaji

Nitazungumzia kipande kifupi sana cha siku, kile kinachoanza jua likishazama na kuishia pale giza linaposhika kabisa. Kwa hapa kwetu Rudewa kipande hicho ni dakika 20 na ushei tu. Ulaya ya kaskazini, wakati wa kiangazi chao, mwanga wa jioni husalia hata saa nzima. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, na giza linaingia kwa haraka.

Mwaka mzima jua la hapa huzama kati ya saa 12 na dakika 20 hivi jioni na saa 1 kasoro dakika chache. Ila mnajua wenyewe kwamba halisubiri saa hiyo kupotea machoni. Upande wa magharibi tuna milima, Ukaguru na Rubeho, na jua hujificha nyuma yake mapema. Ardhi inaingia kivulini huku mbingu bado ni nyeupe. Dereva anayetoka Dumila kwenda Kilosa anaona anga angavu kwa juu na barabara nyeusi kwa chini. Macho yake yamezoea ule mwanga wa juu, kwa hiyo cha chini kinampotea. Taa bado hajawasha, kwa sababu kwake yeye ni mchana.

Saa hiyohiyo ndiyo watu wanarudi. Wanatoka kwenye mpunga, kwenye mahindi, kwenye mkonge, sokoni, shuleni. Na barabara yetu sasa ni lami. Zamani mashimo na vumbi vilipunguza mwendo wa kila mtu, mwenye gari na mwenye baiskeli. Sasa mwenye gari anakwenda kilomita 80 kwa saa, na mwenye baiskeli bado anakwenda 15.

Nianze na rangi nyekundu, kwa sababu ndiyo inayodanganya wengi. Mchana nyekundu huita jicho sana. Kwa hiyo mtu akitaka kuonekana hununua kofia nyekundu, au begi jekundu, na kwa mantiki ya mchana hajakosea. Lakini jicho la binadamu lina seli za aina mbili. Za kwanza, koni, hufanya kazi penye mwanga mwingi na ndizo zinazotambua rangi. Za pili, fito, hufanya kazi penye mwanga mdogo, hazitofautishi rangi, na kwa nyekundu ni kama vipofu. Jioni kazi inahama polepole kutoka kwa koni kwenda kwa fito. Katika mhamo huo nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Haififii kuwa waridi, inageuka nyeusi. Bluu na kijani zinadumu zaidi, na huonekana kama vivuli vya kijivu chepesi.

Jambo hili lilielezwa katika karne ya 19 na Jan Purkinje, mtaalamu wa mwili wa binadamu kutoka Bohemia, aliyegundua kwamba katika mwanga hafifu maua mekundu yanaonekana meusi kuliko ya bluu. Hamhitaji maabara kulithibitisha. Leo jioni weka kanga nyekundu na kitambaa cha bluu ya mbingu kwenye kamba moja ya kuanikia, kaa hatua 30 kutoka hapo, na utazame kuanzia jua linapozama. Utaona lini nyekundu inaingia gizani, na utaona bluu bado ipo.

Nalisema hili nikiwafikiria hasa ndugu zetu wafugaji, Wamasai na wengine wanaopita wilaya hii na siku hizi wengi wao wako kwenye pikipiki. Shuka nyekundu ni vazi la heshima, na mchana porini inaonekana mbali sana. Kwenye lami, jioni giza likianza kuingia, shuka ileile ni nyeusi. Simwambii mtu aache shuka yake. Namwambia tu kwamba kwa saa hiyo shuka haimsaidii, na kitu kingine kiwe juu yake.

Sasa twende kwenye zile rangi za kuwaka, njano yenye ukijani na machungwa, zinazoshonwa vizibao vya bodaboda. Wataalamu huziita floresenti. Kitambaa cha kawaida cha njano kinarudisha sehemu ya mwanga unaokiangukia, basi. Cha floresenti kina dawa inayopokea miali ya zambarau na bluu, pamoja na ile miali ya jua ambayo jicho halioni kabisa, na kuigeuza kuwa njano tunayoiona. Ndiyo maana kinaonekana kama kina taa ndani yake, kwa sababu kinatoa njano nyingi kuliko njano iliyokiangukia. Na mwanga wa jioni, jua likishazama, unatoka angani na una bluu nyingi. Hicho ndicho chakula cha dawa hiyo. Katika zile dakika 10 au 15 za kwanza, wakati madereva hawajawasha taa, hakuna kitambaa kinachoshinda floresenti ya njano yenye ukijani. Ya machungwa nayo ni nzuri, na msimu wa mvua, mashamba yakiwa mabichi pande zote, hujitenga na mandhari vizuri zaidi. Ila ina wekundu ndani yake, hivyo inazima mapema kidogo. Kama mtu ana uwezo wa kununua koti moja tu la mwaka mzima, mimi namshauri njano yenye ukijani.

Halafu giza linaingia, taa za magari zinawashwa, na floresenti inakufa. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Taa nyingi za magari zina kiasi kidogo tu cha ile miali ambayo dawa inaihitaji, kwa hiyo koti la floresenti mbele ya taa ya gari ni koti la njano ya kawaida tu. Si baya, lakini halina tena muujiza wake. Kazi sasa inahamia kwenye ule utepe wa rangi ya fedha.

Utepe huo umejaa chembe za kioo ndogo sana, au vipembe vidogo vya plastiki, vilivyopangwa ili mwanga ukiingia urudi kule ulikotoka. Karatasi nyeupe hutawanya mwanga kila upande, na dereva anapata sehemu ndogo. Utepe humrudishia dereva mwenyewe mwanga wa taa zake. Ndiyo sababu kwa mtu aliyesimama pembeni ya barabara unaonekana wa kijivu tu, huku aliye kwenye usukani anauona umewaka. Na ndiyo sababu haufanyi kazi kabla taa hazijawashwa. Kwa hiyo vitu hivi viwili vinapokezana zamu: floresenti kabla ya taa, utepe baada ya taa. Kizibao chenye kimoja bila kingine kinakuacha wazi nusu ya safari.

Niwape ushahidi mmoja ulionigusa sana. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2012 jaribio lililofanyika usiku kwenye barabara iliyofungwa. Madereva waliendesha gari na kutakiwa waseme wanapomwona mwendesha baiskeli. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa mara 2 kati ya 100. Aliyevaa kizibao cha floresenti kisicho na utepe alitambuliwa mara 15. Kizibao chenye utepe wa kuakisi, mara 50. Na aliyekuwa na kizibao hicho pamoja na utepe kwenye vifundo vya miguu na magotini alitambuliwa mara 90.

Tazameni pengo hilo la mwisho, kutoka 50 hadi 90, kwa ajili ya vipande vichache vya utepe miguuni. Sababu yake ni kwamba utepe wa mgongoni haupandi wala haushuki. Dereva anaona kitu kinachong'aa, na kinaweza kuwa nguzo, kibao cha barabarani, au chupa iliyotupwa. Mguu unaokanyaga pedali unapanda na kushuka, na ubongo wa binadamu unaujua mwendo huo bila kufikiri. Dereva haoni tena kitu, anaona mtu. Tena taa za chini za gari zinamulika karibu na lami, kwa hiyo miguu inafikiwa na mwanga kabla ya kifua. Kwa mwenye pikipiki faida hii ni ndogo, kwa kuwa miguu yake imetulia, lakini kwa mwenye baiskeli sijui kitu cha bei nafuu kinachofanya kazi kubwa kuliko hicho.

Sasa tuchukue safari moja, tuihesabu pamoja. Mkulima anatoka shambani upande wa Kimamba kurudi Rudewa. Baiskeli yake ni Foniksi, taa ya nyuma haipo, reflekta ya kwenye madigadi ilivunjika siku nyingi. Amevaa jaketi la bluu iliyoiva, kofia nyekundu ya kitambaa, na mgongoni ana begi jeusi lenye jembe na chupa ya maji. Ni saa 1 na dakika 10 usiku. Nyuma yake inakuja pikapu kwa kilomita 80 kwa saa. Kwa kuwa gari lingine linakuja mbele, dereva amepiga dimu, anatumia taa za chini.

Mkulima anakwenda 15 upande uleule, kwa hiyo pikapu inamkaribia kwa kilomita 65 kwa saa, yaani mita 18 kila sekunde. Nguo nyeusi hurudisha kama sehemu 5 kati ya 100 za mwanga unaoziangukia, na bluu iliyoiva haiko mbali na hapo. Kwa taa za chini mtu wa namna hii huonekana akiwa takriban mita 30 hivi. Mita 30 gawa kwa 18 ni sekunde 1 na nusu na kidogo. Dereva mzima, asiyechoka, asiyetazama simu, anahitaji sekunde 1 na nusu hadi 2 kuona, kuelewa na kuhamisha mguu kwenye breki. Hesabu imekwisha kabla breki haijaguswa. Na pembeni hawezi kukwepa, kwa kuwa gari lingine linakuja.

Tumbadilishie mkulima wetu kitu kimoja kimoja. Begi jeusi tulifunike na kitambaa cheupe. Nyeupe safi hurudisha sehemu 80 hivi kati ya 100, na sasa anaonekana takriban mita 60. Dereva ana sekunde 3 na kidogo, anaweza kupunguza mwendo. Halafu tumshonee utepe wa kuakisi juu ya kitambaa hicho, na mwingine tumfunge kwenye vifundo vya miguu. Anaonekana mita 150 na zaidi, dereva ana sekunde 8, gari la mbele litakuwa limeshapita, na atampita mkulima akiwa amempa nafasi nzuri. Umbali huu ni wa kukadiria, hubadilika kwa taa chafu, mvua na macho ya dereva. Lakini uwiano kati ya hatua hizo tatu ndio wa kuushika.

Mmeona kwamba koti sikuligusa. Nimeanza na begi kwa makusudi. Watu wakizungumza juu ya kuonekana huzungumzia koti na kizibao, kisha wanafunika mgongo mzima kwa begi jeusi. Begi la mgongoni kwa mtu wa kimo cha kawaida linaficha karibu utepe wote wa nyuma ya kizibao. Na anayekuja nyuma, kwa kasi, ambaye wewe humwoni, ndiye mtu muhimu kuliko wote. Kwake yeye wewe ni begi lenye miguu. Kwa hiyo ukinunua begi, nunua la rangi nyepesi: nyeupe, krimu, njano, kijani cha limau, kijivu cheupe. Kama tayari unalo jeusi, usilitupe. Mpe fundi cherehani kipande cha kitambaa cha floresenti akushonee kifuniko chenye lastiki ukingoni, na juu yake apige mistari miwili ya utepe, upana wa vidole vitatu hivi, mmoja umelala na mwingine umesimama. Kifuniko hicho kinatoka na kurudi, na mvua ikinyesha kinalinda madaftari.

Wanafunzi, nanyi nawaambia. Shati lenu jeupe ni zuri mno kwa jioni. Kinachowaharibia ni sweta la bluu au kijani kilichoiva mnalovaa juu yake, na begi jeusi juu ya sweta. Kama hakuna baridi ya kweli, sweta liingie kwenye begi na shati libaki nje.

Mzigo ni begi la mkubwa, na hapa Rudewa tayari mna vitu vizuri bila kujua. Kiroba cheupe cha mpunga au mahindi kwenye keria, kikiwa safi, ni kibao kikubwa cheupe kinachoonekana mbali kuliko jaketi lolote. Tatizo linakuja pale kinapofunikwa na turubai jeusi au majani ya ng'ombe. Ukiweza, acha uso wake wa nyuma wazi. Madumu ya njano ya lita 20 nayo husaidia yakiwa hayajapakwa matope. Gunia la mkaa kinyume chake ni giza tupu, tena pana, linamfunika mwendeshaji na kofia yake. Anayebeba mkaa jioni afunge nyuma ya gunia kiroba cheupe kitupu chenye utepe ulioshonwa kwa uzi wa nailoni. Atakitumia miezi mingi.

Na abiria je? Dereva wa bodaboda amevaa kizibao kizuri, kipya, kina utepe mpana. Abiria anapanda nyuma yake na koti jeusi. Kuanzia dakika hiyo kizibao cha dereva hakipo kwa anayekuja nyuma. Kinachoonekana ni mgongo wa abiria. Akipanda mama na mtoto mgongoni, kinachoonekana ni kanga ya mtoto. Hili linaniumiza, kwa sababu anayekaa nyuma kabisa, anayegongwa wa kwanza, ndiye ambaye hatujamfikiria. Dereva hawezi kumchagulia abiria nguo, lakini anaweza kufanya mambo mawili. Kofia ngumu ya abiria iwe nyeupe au njano na iwe na utepe kisogoni. Na nyuma ya pikipiki, pembeni ya kibao cha namba, kwenye madigadi na kwenye mabomba ya keria, abandike ule mkanda mgumu wa kuakisi unaobandikwa kwenye malori. Mkanda huo haufai kushonwa kwenye nguo, hukatika ukikunjwa, lakini kwenye chuma na plastiki unadumu.

Nimefika kwenye kofia. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, imeshashughulika na suala la kuivaa, na sirudii huko. Nazungumzia rangi. Kofia ndiyo sehemu yako ya juu kabisa. Inaonekana juu ya ukingo wa nyasi kwenye kona, juu ya bega la abiria, juu ya paa la bajaji iliyo kati yako na lori. Na tuna utafiti mzuri juu yake. Huko Auckland, Nyuzilandi, kati ya mwaka 1993 na 1996, watafiti walilinganisha waendesha pikipiki zaidi ya 400 waliojeruhiwa vibaya au kufa na wengine zaidi ya 1,200 waliokuwa wakipita barabara za eneo hilohilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Wenye kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Waliovaa kitu chochote cha kuakisi au cha floresenti, asilimia 37. Lakini rangi ya kawaida ya nguo kwa mbele, na rangi ya pikipiki yenyewe, havikuonyesha tofauti.

Nawaomba msome matokeo haya kwa uangalifu. Mtu anayenunua kofia nyeupe na kizibao huenda pia ni mtu anayeendesha kwa busara zaidi, na watafiti hawawezi kuliondoa hilo kabisa hata wakijitahidi. Pia magari na taa za Auckland si za Dumila. Hata hivyo matokeo hayo yanakubaliana na tuliyoyaona juu ya jicho. Nyeupe haihitaji miali ya jua kama floresenti, wala haihitaji taa kama utepe. Inafanya kazi jua likiwa juu, likizama, na taa zikiwaka. Haiwi bora kuliko zote katika hatua yoyote, lakini haizimi hata mara moja. Kwa kitu ambacho utanunua mara moja na kukivaa kwa miaka, ndiyo rangi ya kuchagua.

Jambo moja la hatari kwenye kofia. Kijana akisikia haya anaweza kuchukua kofia yake nyeusi na kuipaka rangi nyeupe ya mafuta iliyochanganywa na tina. Asifanye hivyo. Kofia nyingi ni za plastiki, na tina inaweza kuila plastiki na kuitia nyufa zisizoonekana. Itaonekana vizuri jioni, na itapasuka siku itakapohitajika. Kofia nyeusi iliyo nzima ibandikwe vipande vya utepe, kimoja kisogoni, kimoja kila upande, na ibaki kama ilivyo.

Kuna hali ambamo rangi zote nilizozitaja hazifai kitu, na ni haki mzijue. Ukiwa juu ya tuta au daraja, na nyuma yako kuna ile mbingu angavu ya magharibi, dereva anayekuja upande wa pili anaona umbo jeusi tu. Kofia nyeupe na kofia nyeusi hapo ni sawasawa, kwa kuwa mwanga wote uko nyuma yako. Barabara yetu inaelekea kusini ikipinda kidogo magharibi, kwa hiyo mwezi wa Desemba na Januari jua linazama mbele kwa kulia kwa anayekwenda Kilosa. Katika hali hiyo kinachookoa ni taa inayowaka, basi. Mwenye pikipiki awashe ya mbele hata kama anaona bado ni mchana. Katika utafiti uleule wa Auckland waliowasha taa mchana nao walikuwa na hatari ndogo, kwa asilimia 27. Mwenye baiskeli atafute taa ndogo nyekundu ya betri, aifunge nyuma, chini ya mzigo. Nimesema nyekundu, ndiyo. Taa nyekundu ni kitu kingine na kitambaa chekundu ni kingine, kwa sababu taa inatoa mwanga wake wenyewe.

Vumbi nalo, kwenye njia za mashambani. Lori likipita mbele, mwanga wa taa za anayefuata unagonga vumbi na kurudi machoni mwake kabla haujakufikia. Utepe hauwezi kitu. Simama pembeni, lipite, litulie.

Na uchafu wako mwenyewe. Udongo wa Rudewa mnaujua. Utepe uliokaukiwa na matope ni kitambaa cha kijivu. Utepe wenye chembe za kioo zilizo wazi hudhoofika pia ukiloa mvua. Floresenti inaliwa na jua lilelile linaloilisha, hivyo kizibao kinachoshinda kijiweni kutwa nzima kinapauka kwa muda mfupi. Kukijua ni rahisi. Kunja ukosi au mshono wa ndani ambako jua halifiki, linganisha na mgongoni. Kama mgongoni kumekuwa kama maziwa, rangi imekwisha, hata kama kitambaa hakijachanika. Utepe nao upime hivi: usiku, utundike kizibao ukutani, rudi nyuma hatua 10, shika tochi ya simu kando ya jicho lako, usawa wa shavu, na ukimulike. Tochi lazima iwe karibu na jicho, kwa kuwa mwanga unarudi ulikotoka. Ukiishika kiunoni utadhani utepe mzima umekufa. Ukiwaka wote, uko salama. Ukiwaka kwa mabaka, ni mchafu au umekwanguka. Ufue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila brashi wala blichi, upime tena. Usipopona, fundi atoe ashone mwingine.

Fanyeni kipimo hichohicho dukani kabla ya kulipa. Viko vizibao sokoni ambavyo ule mstari wa fedha ni plastiki ya kung'aa tu, hauna chembe za kioo. Mchana huwezi kuvitofautisha. Ingia na muuzaji kwenye kona yenye giza, au funika kizibao kwa mikono ukichungulia, washa tochi kando ya jicho. Mstari wa kweli utawaka mweupe mkali hata ukiugeuza kidogo upande. Wa bandia utametameta mahali pamoja kisha uzime.

Kwa mwenye fedha kidogo, na wengi wetu ndio hao, mimi ningenunua hivi. Kwanza mita moja ya utepe wa kweli, ikatwe vipande vya kufunga vifundo vya miguu, na kinachobaki kiende nyuma ya begi. Baadaye kitambaa cha floresenti cha kufunika begi hilo. Kofia nyeupe siku ile ya zamani itakapochoka. Koti liwe la mwisho, na likinunuliwa livaliwe juu ya kila kitu. Naona Juni na Julai madereva wakivaa jaketi zito la baridi juu ya kizibao, na utepe wote umelala ndani. Jaketi livaliwe kwanza, kizibao juu yake, kifungwe mbele, na saizi ichaguliwe siku ya kununua ukiwa umevaa jaketi hilohilo.

Sasa naomba yule dereva aliyekaa karibu na mlango, mwenye kizibao, asogee hapa mbele, tuzime taa tukipime pamoja.